Uso nao unahitaji usiku wa kupumuzika: programu ya juma moja kwa mutu mwenye kazi mingi

Dada mumoja mwenye kuuza viatu kwenye soko ya Kadutu, hapa Bukavu, alinunua vitu viwili siku moja: chupa ya losheni yenye asidi ya kutosha ngozi iliyokufa, na tubu ya jeli ya adapalini kwa ajili ya vipele. Rafiki yake alikuwa amemwambia kwamba vyote viwili ni vizuri, na ni kweli. Akavipaka vyote, kimoja juu ya kingine, kila usiku. Siku ya tisa mashavu yalikuwa yanang'aa kama yamepakwa mafuta, na maji ya kunawa yalikuwa yanamuchoma.

« Nilifikiri nikipaka nyingi, itaenda mbio », anasema. Vipele vilipungua kidogo, lakini pale pote palipoungua palibakia madoa meusi. Yalikaa miezi.

Muuguzi aliyemupokea alimwambia maneno machache: « Mama, dawa zako si mbaya. Ni uso wako haukupata usiku hata mumoja wa kupumuzika. » Makala hii inaeleza namna ya kugawa juma ili dawa ifanye kazi bila kuchoma ngozi, kwa mutu mwenye kurudi nyumbani saa moja ya usiku akiwa amechoka.

Kwa nini zamu

Asidi na retinoidi zinafanya kazi mbili tofauti. Asidi inalegeza gundi inayoshika ngozi iliyokufa pale juu, ili itoke. Zenye kujulikana ni asidi glikoliki, asidi laktiki na asidi salisiliki. Hii ya mwisho inaingia muzuri katika mafuta, njo maana inafaa mutu mwenye vipele na uso wa mafuta.

Retinoidi ni jamaa ya vitamini A. Yenyewe inafanya kazi ndani zaidi: inasukuma ngozi kujitengeneza upya kwa mpango, na inazuia vitundu vya ngozi visizibwe. Kwa farmasi, ile rahisi kwa mwanzo ni adapalini ya 0,1%. Iko nyingine inaitwa tretinoini. Ile ina nguvu zaidi, na inafaa dokta aiandike.

Vyote viwili, kila kimoja kwa njia yake, vinapunguza ukuta wa juu wa ngozi kwa muda. Ukuta ule njo unashika maji ndani na kuzuia uchafu usiingie. Ukipewa usiku mbili hivi, unajijenga tena. Usipopewa, ngozi inawaka. Na kwetu sisi wenye ngozi nyeusi, ngozi ikiwaka inatoa rangi nyingi kupita kiasi, ile rangi inayoitwa melanini, na inaacha doa. Kwa hiyo mutu anaweza kuponyesha kipele kimoja na kupata madoa kumi kwa sababu ya haraka.

Daktari wa ngozi wa Amerika, Whitney Bowe, njo alieneza sana mupango wa usiku nne: usiku wa asidi, usiku wa retinoidi, kisha usiku mbili za kupumuzika, halafu unaanza tena. Mupango ni muzuri, lakini una shida moja kwa mutu wa kazi: kila juma siku zinahama. Jumatatu hii ni asidi, Jumatatu inayokuja ni kitu kingine, na mutu aliyechoka anachanganya. Ni heri kufunga kila kitu kwenye siku za juma.

Juma lenyewe

Jumatatu usiku: asidi.
Jumanne usiku: retinoidi.
Jumatano na Alhamisi: kupumuzika.
Ijumaa usiku: retinoidi.
Jumamosi na Jumapili: kupumuzika.

Ukihesabu, ni usiku tatu za dawa na usiku nne za kupumuzika. Asidi inakuja Jumatatu kwa sababu ngozi imetoka kupumuzika usiku mbili. Retinoidi inafuata Jumanne, kwa sababu ngozi iliyokufa ikiisha kutoka, jeli inaingia sawasawa pande zote.

Vitu vya kununua ni vinne tu: sabuni laini isiyo na harufu kali, losheni moja ya asidi, tubu moja ya adapalini, na kreme ya kulainisha yenye gliserini. Ukiwa na vazelini nyumbani, inasaidia pia. Kwa asidi, salisiliki isipite 2%, na laktiki au glikoliki uanze na 5% hivi. Chagua moja, hapana mbili. Na wakati uko na asidi, uache gomaji ya sukari na kitambaa cha kusugulia. Ndimu nayo hapana kabisa: maji yake yakibakia kwenye ngozi na jua likapiga, yanaweza kuunguza.

Namna ya kufanya kila usiku

Usiku wa asidi, nawa uso na ukaushe kwa kugusa-gusa na taulo, bila kusugua. Tia losheni kidogo kwenye pamba, pitisha mara moja kwenye uso, ukiepuka macho na midomo. Kuchoma kidogo kwa dakika moja ni kawaida. Ikiendelea kuchoma kupita dakika tano, nawa na maji mengi. Kisha paka kreme.

Usiku wa retinoidi, nawa halafu ungoje uso ukauke kabisa, dakika kumi na tano au ishirini. Ngozi yenye maji inakunywa dawa nyingi kwa mara moja, na inachoma. Dada wa Kadutu anatumia muda ule kupakua chakula cha watoto. Kisha chukua jeli yenye ukubwa wa petipwa moja. Ile inatosha uso muzima. Weka nukta tano: paji la uso, mashavu mawili, pua, kidevu, halafu utandaze. Pembe za pua, pembe za midomo na macho, paka vazelini mbele, ili dawa isikusanyike pale. Maliza na kreme. Mwenye ngozi nyepesi kuumia apake kreme mbele na nyuma ya jeli. Dawa itapunguza makali, lakini itaendelea kufanya kazi.

Usiku wa kupumuzika, nawa, paka kreme wakati uso ungali na maji kidogo, na vazelini nyembamba pale palipokauka. Basi. Dakika tatu. Usiongeze sero nyingine hata kama umeona mutu anaisifu.

Ukikosa usiku mumoja kwa sababu ya usingizi au umeme, usilipe deni. Kama ulilala Jumanne bila kupaka, Jumatano unabaki kwenye kupumuzika, na retinoidi itakuja Ijumaa. Kulipa deni njo kunaleta usiku mbili za dawa zinazofuatana bila mupango.

Usianze na juma nzima

Majuma mawili ya kwanza, paka retinoidi Ijumaa peke yake, siku zingine zote kupumuzika. Majuma mawili yanayofuata, ongeza Jumanne. Juma la tano, kama ngozi iko salama, njo unaingiza asidi ya Jumatatu. Ukianza na vyote mara moja na ngozi ikawaka, hautajua ni kipi kilichokuchoma.

Katika majuma ya kwanza uso unaweza kukauka, kutoa magamba madogo, hata vipele kuongezeka kidogo. Watu wengi wanaacha pale. Matokeo ya adapalini yanaangaliwa kwenye juma la nane mupaka la kumi na mbili. Madoa meusi yanachukua muda zaidi, miezi kadhaa.

Namna ya kujua kama umezidisha

Vitabu vingi vinasema uangalie wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Angalia mambo haya: uso unang'aa lakini unaukaza kama ngoma, maji safi au kreme ya kila siku inachoma, pahali fulani pamekuwa peusi kuliko jana, na ukigusa pana joto. Magamba madogo bila kuchoma si shida. Lakini kreme ya kawaida ikichoma, ukuta umeharibika.

Pale unaacha asidi na retinoidi vyote. Sabuni laini, kreme, vazelini, mupaka siku ambayo maji hayachomi tena, kisha ungoje siku zingine tatu mbele ya kurudi. Ukirudi, unarudi kwenye Ijumaa peke yake. Kukiwa na malengelenge, uvimbe au maji yanatoka, nenda kwa muganga.

Wenye hawafai kuanza peke yao

Mwanamuke mwenye mimba, au anayetafuta mimba, asipake retinoidi. Aliyekuwa anapaka na akajikuta na mimba, aache na amwambie muganga wake.

Wa pili ni mwenye kutumia kreme za kung'arisha ngozi. Tubu nyingi za namna hiyo zina hidrokinoni au kortikoidi kama klobetasoli, hata kama boksi halisemi wazi. Kortikoidi inakondesha ngozi. Ukiweka asidi juu ya ngozi ile, inaungua haraka. Na ukiiacha ghafla kiisha miezi mingi, uso unaweza kulipuka kwa vipele na kuwasha. Mutu wa namna hii aende kwanza kwa dokta, na abebe tubu yake ili ionekane.

Asubui inalinda kazi ya usiku

Bukavu iko karibu metre 1.500 juu ya bahari, na karibu na ikweta. Jua letu ni kali hata kama kuna baridi na mawingu. Jua njo linafanya madoa yakae. Kreme ya jua ya kipimo 30 ni nzuri, lakini ina bei. Mwenye hawezi kuipata atumie kofia yenye mbawa pana au mwavuli, na akae kwenye kivuli saa sita. Kwa dada wa Kadutu, alihamisha kiti chake upande wa pili wa meza ya viatu, pale pasipopigwa na jua la mangaribi.

Alingoja mwezi moja muzima ngozi yake ipone, kisha akaanza na Ijumaa peke yake. Karatasi ya siku saba ameibandika kando ya kioo, na pale kwenye Jumatano, Alhamisi, Jumamosi na Jumapili ameandika neno moja: « Acha. » Anasema siku hizo njo zilikuwa ngumu kuzifuata, kwa sababu mukono ulizoea kupaka. Madoa ya mashavu yamefifia, mengine yangali yanaonekana. Maji ya kunawa hayamuchomi tena.