Nywele Zinapodondoka Baada ya Kujifungua

Mama aliyejifungua Januari anaweza asione lolote hadi Aprili au Mei. Kisha siku anapofumua, kitana kinatoka kimejaa nywele. Mtoto ananyonya vizuri, na mama anadhani maziwa ndiyo yanayozimaliza. Sivyo. Asiyenyonyesha naye hudondosha, na kumwachisha mtoto ziwa hakuzirudishi.

Chanzo ni mimba. Kwa kawaida kila mtu hupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku, zile zilizomaliza muda wa kukua. Wakati wa ujauzito homoni ya estrojeni hurefusha muda huo, ndiyo maana kichwa cha mjamzito hujaa. Akijifungua, homoni hushuka ghafla na nywele nyingi huacha kukua kwa mpigo. Hukaa kichwani miezi kama miwili au mitatu, ndipo zinapoachia, na pengo huonekana zaidi pembeni mwa paji la uso. Mashina yako hai. Wengi hurudi hali yao mtoto anapokaribia kutimiza mwaka.

Matunzo hayazuii nywele hizo kuanguka. Kazi yake ni kulinda zilizobaki zisikatike. Okota chache uzitazame: yenye kinundu cheupe nchani imetoka kwenye shina kwa wakati wake, kipande kifupi kisicho na kinundu kimekatika, na hicho ndicho unachoweza kukipunguza.

Osha mara moja kwa wiki au kila baada ya wiki mbili, siku ambayo kuna mtu wa kumshika mtoto. Kabla ya maji, paka mafuta ya nazi kwenye urefu wa nywele. Ukishaosha, tia kondishena ya kutosha, gawa nywele mafungu manne, tenganisha kwa vidole, kisha chana kwa kitana cha meno mapana ukianzia nchani kuelekea kwenye shina. Suka mabutu makubwa yasiyobana. Rasta nzito na kilemba cha kukaza huvuta nywele za pembeni zilizo dhaifu tayari, na kuvutwa huko kukizidi huua mashina. Dawa ya kulainisha nywele ningeiahirisha kabisa hadi udondokaji uishe. Usitumie minoksidili unaponyonyesha bila kumwuliza daktari.

Kagua pia vidole vya mtoto, vya miguu hasa, na sehemu zake za siri. Unywele wa mama unaweza kujizungusha kidoleni na kuzuia damu. Mtoto akilia bila kunyamaza, vua soksi utazame. Kidole kikiwa kimevimba na kuwa chekundu na unywele hautoki kirahisi, mpeleke hospitali mara moja.

Nywele zikitoka kwa mabaka, kichwa kikiwa na magamba, au hali ikiendelea baada ya mwaka, nenda kituo cha afya. Uchovu mkubwa, moyo kwenda mbio au kuhisi baridi kupita wengine ni sababu ya kwenda mapema zaidi, upimwe damu na tezi ya shingo, kwa kuwa upungufu wa madini ya chuma na hitilafu za tezi hiyo hutokea sana baada ya uzazi, na vyote viwili vina tiba.