Daraja la Zamani la Mawe: Tulikarabati au Tuzuie Malori?

Magari yanayosafiri kati ya Lodwar na Kakuma hubeba karibu kila kitu tunachotumia: unga, mafuta, dawa, saruji, maji ya bauza na chakula cha kambi. Barabara kuu ya A1 iko chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Barabara Kuu, KeNHA. Barabara za vijijini zinazotoka humo kuelekea shuleni, zahanati na visimani ni jukumu la kaunti. Mhandisi wa kaunti anapokagua kivuko cha zamani kilichojengwa kwa mawe na chokaa au saruji, anatakiwa kujibu swali moja: kinaweza kubeba tani ngapi? Jibu lake ndilo litakaloamua kama bauza la maji litavuka au litasimama ng'ambo. Makala hii inaeleza jinsi jibu hilo linavyopatikana, na kwa nini wakati mwingine kibao cha kuzuia uzito huwekwa hata kabla ya fundi yeyote kuonekana.

Upinde wa mawe hubebaje mzigo?

Daraja la upinde wa mawe kwa kawaida halina nondo. Mawe yake hubanana. Gari linapopita juu, uzito hushuka kupitia kifusi kilicho chini ya barabara, hufika kwenye mawe ya upinde, na mawe hayo husukumana hadi kwenye kuta za kando, kisha kwenye msingi. Jiwe huvumilia sana kubanwa, kwa hiyo ni nadra upinde kuvunjika kwa sababu jiwe limepondeka. Huvunjika mawe yanapopoteza mshikamano, upinde unapobadilika umbo, au kuta za kando zinaposogea.

Teknolojia hii haijapitwa na wakati. Nchini Tanzania, wakala wa barabara za vijijini na mijini, TARURA, umejenga madaraja mapya ya mawe katika mkoa wa Kigoma, na magharibi mwa Uganda pia yamejengwa. Upinde uliojengwa vizuri hudumu. Kazi yetu ni kutofautisha upinde mzima na ule uliochoka.

Vipimo vitatu vya mwanzo

Njia rahisi ambayo wahandisi wengi huanza nayo inaitwa MEXE. Ilitokana na kituo cha utafiti cha wahandisi wa jeshi la Uingereza, ambao walihitaji kujua haraka kama magari mazito yangeweza kuvuka madaraja ya zamani ya matofali na mawe. Inahitaji vipimo vitatu, vyote kwa mita: upana wa wazi chini ya upinde (L), unene wa mawe ya upinde pale juu kabisa katikati (d), na kina cha kifusi kati ya mawe hayo na uso wa barabara (h). Hesabu ya kwanza ni hii:

```
740 × (d + h)² ÷ L^1.3
```

Matokeo ni tani kwa kila ekseli, pale ekseli mbili zinapofuatana kwa karibu kama zilivyo nyuma ya lori kubwa. Ukiiangalia hesabu hii utaona kwamba unene wa mawe na kifusi una nguvu kubwa. Ukiuongeza maradufu, uwezo wa kwanza huwa mara nne. Ndiyo maana kuchonga kifusi ili kushusha barabara juu ya daraja ni hatari, hata kama mawe ya upinde hayajaguswa.

Tani hizo za mwanzo ni za daraja lisilo na kasoro. Baada ya hapo mhandisi huzipunguza kwa kuzizidisha na namba zinazoeleza hali halisi: umbo la upinde, ubora wa jiwe na kifusi, viungo kati ya mawe, na nyufa. Namba ya 1.0 humaanisha hakuna cha kupunguza. Namba ya hali ya jumla ikishuka chini ya 0.4, hesabu haitegemewi tena. Daraja hilo linahitaji kurekebishwa au kujengwa upya.

Mfano wa hesabu

Chukua daraja la mfano lenye upana wa wazi wa mita 6. Mawe ya upinde yana unene wa sentimita 35 na kifusi kina kina cha sentimita 20. Upinde umeinuka mita 1.5, robo ya upana wake, na kwa kimo hicho hakuna kinachopunguzwa. Hesabu ya mwanzo inatoa karibu tani 21.8 kwa ekseli. Namba hiyo inapendeza, lakini ukaguzi bado haujaanza.

Mhandisi anashuka chini ya daraja. Jiwe ni zuri, ila juu barabara ina mifereji ya magurudumu, ishara kwamba kifusi kimelegea. Kwa sababu hiyo anazidisha kwa 0.82, na tani zinabaki karibu 17.9. Kisha anapima viungo. Nafasi kati ya mawe ni pana kuliko milimita 12, chokaa imetoka kwa kina cha sentimita kadhaa, na iliyobaki inavunjika kwa kucha. Kasoro hizo tatu zinampa 0.8, 0.8 na 0.9, ambazo zikizidishwa pamoja ni 0.58. Mwisho kuna ufa unaofuata urefu wa upinde karibu na ukuta wa pembeni, na kwa huo anaweka 0.7.

Tani 21.8 sasa zimekuwa karibu 7.2.

Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari inaruhusu ekseli mbili zinazofuatana zenye magurudumu pacha zibebe tani 18 kwa pamoja, yaani tani 9 kila moja. Kwa hiyo lori lililopita mizani bila kosa lolote bado ni zito mno kwa daraja hili. Dereva hajavunja sheria ya uzito. Daraja ndilo limepungua nguvu.

Kukarabati au kuzuia?

Hesabu hiyo hiyo inaonyesha pa kuweka fedha. Mafundi wakikwangua viungo, wakavisafisha na kuvijaza chokaa mpya hadi ndani, upana wa viungo haubadiliki na 0.8 ya kwanza inabaki, lakini zile nyingine mbili zinarudi kuwa 1.0. Hata ufa ukiachwa na hesabu yake ile ile, uwezo unapanda hadi karibu tani 10. Kifusi kikiondolewa na kurudishwa kwa kushindiliwa vizuri, unafika karibu 10.9. Kazi hiyo hufanywa na waashi wenye jukwaa na chokaa, na hakuna haja ya kubomoa daraja. Kosa la kuepuka ni kujaza saruji ngumu tupu kwenye ukuta wa chokaa laini: saruji hufungia maji ndani na hung'oka pamoja na uso wa jiwe.

Mambo ni tofauti kama upinde umebonyea upande mmoja, kuna ufa unaokatiza upinde kutoka upande mmoja hadi mwingine, au kuta za kando zimesogea. Hapo kujaza viungo ni kupaka rangi nyumba inayoanguka. Njia ya MEXE yenyewe haifai kwa upinde uliopoteza umbo, wala kwa upana unaozidi mita 18, na kwa upinde mdogo sana huweza kutoa tani nyingi kuliko uwezo halisi. Katika hali kama hizo mhandisi hutumia hesabu za kina zaidi.

Wakati ukarabati unasubiri bajeti, uzito huzuiwa. Kizuizi kizuri kina mambo matatu. Kuna kibao cha tani kilichowekwa mahali ambapo lori bado lina nafasi ya kugeuza, si mdomoni mwa daraja. Kuna nguzo zinazoyafanya magari yapite moja moja katikati, mbali na kuta za pembeni ambako nyufa huanzia. Na kuna ufuatiliaji: kiraka chembamba cha jasi chenye tarehe hubandikwa juu ya ufa, na kikikatika, ufa unaendelea kufunguka na daraja linafungwa. Matuta ya kupunguza mwendo hayawekwi juu ya daraja, kwa sababu lori linalodunda hupiga kwa nguvu kuliko uzito wake.

Kuzuia pia kuna gharama, ila hulipwa na mwananchi. Bauza la lita 10,000 hubeba tani 10 za maji pekee, kabla ya kuhesabu gari lenyewe. Likizuiwa bila njia mbadala, maji hayafiki. Ndiyo maana kabla ya kuweka kibao lazima ijulikane kama kuna drifti iliyo karibu, na inapitika miezi gani.

Hatari isiyoonekana kwenye hesabu

Katika hesabu yote hiyo hakuna mahali palipotajwa msingi. Daraja linaweza kupata tani 20 na bado likaanguka usiku bila gari juu yake. Mnamo Desemba 2015 huko Tadcaster, Uingereza, daraja la mawe lenye umri wa karne kadhaa liliporomoka sehemu wakati wa mafuriko, kwa sababu maji yalikuwa yamechimba chini ya nguzo. Lilikuwa limefungwa kwa magari siku chache kabla, na hakuna aliyekufa. Mji uligawanyika mara mbili hadi Februari 2017.

Kwetu hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa sababu laga zetu ni za mchanga. Kawalase au Tarach inapojaa, maji huuzungusha mchanga kwenye kona za kuta na kuchimba shimo. Maji yanapopungua, mchanga mpya huanguka na kulijaza shimo hilo. Asubuhi mtu hupita akaona sakafu ya laga ni tambarare na kusema daraja ni salama. Kwa hiyo mkaguzi hutumia fimbo ya chuma. Akiisukuma karibu na msingi ikazama kwa urahisi, huku hatua chache mbali ikigonga mchanga mgumu, hapo palichimbwa. Shimo la namna hiyo hujazwa mawe makubwa au gabioni kabla ya mvua ya pili, na daraja hufungwa kila laga inapojaa, bila kujali tani. Uchimbaji wa mchanga wa ujenzi karibu na daraja hufanya kazi ile ile ya mafuriko, ila polepole.

Mwananchi unaweza kuona nini?

Huna haja ya kujua hesabu ili kusaidia. Mtoe taarifa kwa msimamizi wa wadi mkiona mojawapo ya haya: jiwe limeanguka kutoka chini ya upinde, ukuta wa pembeni umevimba kuelekea nje, barabara imezama juu ya daraja, maji yanavuja kati ya mawe siku kadhaa baada ya mvua, au sehemu ya msingi iliyokuwa chini ya mchanga sasa iko wazi. Semeni jina la laga, upande wa daraja, na siku mliyoona mabadiliko. Kama ni baada ya mafuriko, msisubiri mkutano wa wadi. Na kibao cha tani kikiwa kimewekwa, kisiondolewe wala kupakwa rangi: namba iliyoandikwa pale ndiyo iliyobaki baada ya kasoro zote kuhesabiwa.