Joto Hudanganya Kipimo cha Pombe

Lita moja ya maji yenye nyuzijoto 20 ina uzito wa gramu 998. Ya ethanoli, gramu 789. Ndiyo maana haidromita ya pombe huzama zaidi kwenye kinywaji kikali.

Lakini joto hutanua kinywaji na kukifanya chepesi. Tuseme haidromita iliyotengenezwa kwa nyuzijoto 20 inasoma asilimia 44, na kinywaji kina nyuzijoto 30. Kwa ukali huo, toa takriban asilimia 0.4 kwa kila nyuzi iliyozidi: jibu ni karibu 40.

Sukari huongeza uzito, hivyo kipimo husoma chini ya ukweli. Hatari zaidi ni methanoli: wepesi wake ni karibu sawa na wa ethanoli, na haidromita haiwezi kuigundua.