Sauti Inayopanda Kitonga

Video ya safari ya basi ina tatizo ambalo video ya ufukweni haina: kwa saa nyingi hakuna kinachobadilika. Barabara, miti, kisogo cha abiria wa mbele, tena barabara. Mtazamaji anachoka upesi, na mara nyingi kinachomfanya abaki ni sauti ya msimulizi. Hiyo ndiyo inayompa yale ambayo kamera haiyapati kabisa: joto, harufu, mtikisiko wa kiti, uzito wa muda.

Tuchukue safari moja tuifanyie kazi, ya mchana, kutoka Dar es Salaam hadi Iringa. Ni kiasi cha kilomita 500. Basi linatoka Stendi ya Magufuli, Mbezi, linapita Chalinze na Morogoro, linakatiza Hifadhi ya Mikumi, linashuka hadi Ruaha Mbuyuni kwenye mibuyu na vitunguu, kisha linapanda Mlima Kitonga kwenda Ilula na Iringa. Tuseme video yenyewe ni ya dakika 4.

Kwanza ni hesabu ya maneno, maana hapo ndipo wengi wanapokwama. Maneno ya Kiswahili ni marefu. Neno moja kama “yanayoteremka” linabeba kazi ya maneno matatu ya lugha nyingine. Ukisoma kwa utulivu, bila kukimbizwa, utamaliza kama maneno 100 kwa dakika. Dakika 4 zingebeba maneno 400, lakini usiyajaze yote. Andika 200 tu. Nusu inayobaki ni ya injini, ya konda anayeita majina ya vituo, ya wachuuzi waliopandisha sahani za mahindi ya kuchemsha na korosho hadi dirishani. Mtazamaji anahitaji nafasi ya kukaa ndani ya basi bila mtu kumsemesha.

Sauti hizo hazipatikani baadaye, lazima zirekodiwe njiani. Kila basi linapobadilisha hali, rekodi dakika moja ya sauti tupu, mkono ukiwa umetulia: basi likiwa limesimama na injini inaunguruma, basi likiwa kwenye lami tambarare, basi likiwa mlimani. Simu isikae dirishani. Upepo ukipiga kipaza sauti unatoa mvumo mzito usiosafishika, na utaujua papo hapo ukivaa spika za masikioni. Iweke mapajani, ifunike kwa mtandio au kitambaa chepesi. Na kama unataka sauti ya mchuuzi au abiria, mwombe kwanza. Wengi wanakubali wakiambiwa ni ya nini.

Pamoja na sauti, andika. Siyo hisia, andika vitu, na saa yake. “Saa 5 na nusu, Mikumi, watu wote wamehamia upande wa kushoto, twiga wawili.” “Konda ametangaza kuchimba dawa, dakika 5, wanawake kulia, wanaume kushoto.” “Ruaha Mbuyuni, kiti kimenata mgongoni.” Ukirudi nyumbani, kumbukumbu itakupa maneno ya jumla kama “mandhari ya kuvutia”, na ni daftari pekee litakalokurudishia kile kiti kilichonata.

Sasa tufike Kitonga. Picha inaonyesha barabara inayojikunja ukingoni mwa mlima, korongo upande mmoja, malori yakiteremka taratibu. Rasimu ya kwanza huwa hivi: “Sasa basi letu linapanda Mlima Kitonga, mlima mrefu wenye kona nyingi na mandhari ya kuvutia sana.” Kila neno hapo ni kweli, na kila neno linaonekana kwenye picha. Mtazamaji ameshaiona kona. Hajui hewa ikoje.

Rasimu ya pili nilivyoiandika ni hii: “Dereva anashusha gia, na maongezi yanakatika. Harufu ya breki za malori yanayoshuka inaingia dirishani. Mama wa siti ya mbele anafunga kioo, anatoa sweta, anamvalisha mwanawe.”

Ni maneno 25, yaani sekunde 15. Hayataji mlima wala uzuri wake. Harufu ya breki inaeleza ukali wa mteremko kuliko neno “mkali”, kwa sababu breki za lori lenye mzigo hupata moto zikishikwa kwa muda mrefu, na kila aliyepita pale anaifahamu ile harufu. Sweta inabeba kazi kubwa zaidi. Chini kwenye bonde la mibuyu watu walikuwa wakijipepea kwa magazeti. Iringa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake inaanza kusikika ukimaliza kupanda. Ningeweza kutaja nyuzi joto. Mtoto anayevalishwa sweta anaeleweka haraka zaidi, tena na mtu wa popote.

Harufu moja na kitendo kimoja vinatosha kwa kipande cha sekunde 15. Ukiongeza ladha ya korosho, vumbi na mlio wa honi kwa pamoja, sikio linaviacha vyote.

Kusoma kuna taratibu zake. Nyumbani, chumba chenye kuta tupu kinarudisha mwangwi, kwa hiyo rekodi mbele ya kabati lililo wazi, lenye nguo. Simu ikae umbali wa shubiri moja na nusu, pembeni kidogo ya mdomo, ili herufi P na B zisipige pumzi moja kwa moja. Soma ukiitazama picha, na umsomee mtu mmoja unayemfahamu. Sauti ya kutangaza matokeo ya mpira haikai ndani ya basi. Wakati wa kuhariri, injini ishuke msimulizi anapoanza kusema na ipande taratibu anapomaliza. Ikizimika ghafla, mtazamaji anatolewa njiani na kurudishwa chumbani kwako.

Mwisho ndio unaoharibu video nyingi nzuri. Basi limefika, na msimulizi anaanza: hivyo ndivyo safari yetu ilivyokuwa, tumejifunza mengi, asanteni kwa kutazama. Mwisho uliobana hauandikwi mwishoni, unapandwa mwanzoni. Pale Mbezi, wakati mizigo inapakiwa, nilichagua boksi moja la kutumwa, na msimulizi anasema: “Chini yetu kuna boksi la karatasi lililofungwa kwa kamba. Mwenyewe hayumo kwenye basi. Anasubiri Iringa.” Namba ya simu iliyoandikwa juu yake nimeifunika kwenye picha. Baada ya hapo boksi halitajwi tena njia nzima, si Mikumi wala Kitonga.

Stendi ya Iringa, buti linafunguliwa. Rasimu ilikuwa na sentensi sita: baridi, uchovu, bodaboda wanaoita abiria, boksi, mpokeaji, kwaheri. Nilikata kutoka chini kwenda juu, nikijiuliza kila mara kama picha imeshasema. Baridi inaonekana kwenye makoti, bodaboda wanasikika wenyewe. Zikabaki sentensi mbili: “Boksi limefika. Konda anapiga ile namba.”

Sentensi hizo zisomwe kwa mwendo uleule wa sentensi nyingine, bila kushusha sauti kwa huzuni na bila muziki kupanda. Kisha acha kelele za stendi kwa sekunde 4, ukate. Shukrani na majina ya waliosaidia yakae kwenye maandishi chini ya video.