Usaili wa kupandishwa cheo mbele ya jopo la wafanyakazi wenza

Katika usaili wa ndani, jopo humfahamu msailiwa kabla hajaketi. Mmoja wao huenda alifanya naye zamu za usiku kwa miaka, mwingine husoma taarifa zake kila mwezi, na wa tatu alikuwa naye ngazi moja hadi alipopanda yeye kwanza. Msailiwa huona kwamba kazi yake inajulikana na haina haja ya kuelezwa. Hapo ndipo wengi hupoteza alama, kwani jopo linalofuata utaratibu hutoa alama kwa yale yaliyosemwa chumbani tu.

Utaratibu huo una sababu yake. Wasailiwa wote huulizwa maswali yaleyale, na kila jibu hupimwa kwa vigezo vilivyoandikwa mapema, mara nyingi kwa alama 1 hadi 5. Mjumbe akiruhusiwa kuongeza alama kwa aliyoyaona kazini, msailiwa aliyefanya kazi karibu naye atapata faida ambayo aliyetoka idara nyingine hawezi kuipata. Tena kumfahamu mtu hupotosha kipimo chenyewe. Mwaka 1920, mwanasaikolojia wa Marekani Edward Thorndike alieleza jinsi maofisa wa jeshi walivyowapa alama askari wao: sifa zisizohusiana, kama umbo, akili na uongozi, zilipanda na kushuka pamoja kupita kiasi. Picha ya jumla ya mtu ilikuwa imezimeza sifa zake moja moja. Katika jopo la wenzake msailiwa, dalili ya kosa hilo ni mjumbe aliyempa mtu mmoja 4 katika kila swali, au 2 tangu mwanzo hadi mwisho. Mwenyekiti makini humtaka asome maneno aliyoyaandika yanayothibitisha kila alama. Pia huhakikisha kila mjumbe ameandika alama zake kabla ya majadiliano, la sivyo sauti ya mkubwa itazivuta zote.

Chukua mfano wa kubuni wa muuguzi wa hospitali ya wilaya anayeomba kuwa kiongozi wa wodi ya wazazi. Swali ni: eleza ulivyokabili upungufu wa watumishi. Anajibu, “Kama mnavyokumbuka, Desemba ile tulipanga upya ratiba, mambo yakaenda.” Wajumbe wote wanaikumbuka Desemba hiyo, na wawili wanatikisa kichwa kwa kukubali. Hata hivyo kwenye karatasi hakuna tatizo lililoelezwa, hatua wala matokeo, na jibu linapata 2.

Jibu lenye alama lingeanza kana kwamba jopo limetoka mkoa mwingine. Wauguzi wawili kati ya sita walikuwa likizo, na zamu ya usiku ilibaki na mmoja. Mwenzake ndiye aliyetoa wazo la kuazima muuguzi kutoka wodi ya watoto. Yeye aliomba kibali, akaandika ratiba ya wiki nne, akapanga makabidhiano yawe kwa maandishi. Hakuna zamu ya usiku iliyobaki tena na mtu mmoja.

Kumtaja mwenye wazo si unyenyekevu wa bure. Mbele ya jopo la wageni, “nilibuni” inaweza kupita bila kuulizwa. Mbele ya mtu aliyekuwepo haipiti, na ikigunduliwa hutia shaka majibu mengine yote. “Tulifanya” nayo huficha mchango wa msailiwa mwenyewe. Dawa ni kugawa kazi waziwazi: kipi cha nani.

Jambo gumu zaidi ni kosa la zamani ambalo wajumbe wanalijua. Kama linahusu kazi inayoombwa, njia ya haki ni mjumbe kuuliza waziwazi ndani ya swali linalohusika, ili msailiwa apate nafasi ya kujibu. Kulikalia kimya na kumkata alama ni kumhukumu bila kumsikiliza. Msailiwa anayelitaja mwenyewe kwa kifupi, pamoja na alichorekebisha, huwa amelifunga kabla halijafunguliwa.

Kufanya kazi pamoja peke yake hakumwondoi mjumbe kwenye jopo. Ingekuwa hivyo, taasisi ndogo zisingepata jopo kabisa. Undugu, deni, kikoba cha pamoja au malalamiko ya kinidhamu ambayo hayajaamuliwa ni mambo ya kutangazwa kabla ya siku ya usaili, na mara nyingi mjumbe hupaswa kupisha. Msailiwa naye akijua jambo la aina hiyo humweleza afisa utumishi mapema kwa maandishi. Lalamiko linalotolewa baada ya matokeo husikika kama uchungu wa kushindwa, hata likiwa la kweli.

Chumbani, lakabu na utani wa ofisini huachwa mlangoni, na mwenyekiti huitwa mwenyekiti hata kama jana walikula meza moja. Baada ya usaili wajumbe hawazungumzii maswali wala alama koridoni, hasa kama wapo wanaosubiri zamu yao. Aliyekosa nafasi huomba mrejesho kwa mwenyekiti au afisa utumishi, na mrejesho wenye manufaa humwonyesha ni swali lipi lilikosa ushahidi gani.