Fahamu: Risasi kwanza, shabaha baadaye

Mtu afyatue risasi ovyo ukutani, kisha achore duara pale zilipobanana na kujiita mlenga shabaha hodari. Kosa hilo, linalopewa jina la Texas, huingia sana kwenye habari za magonjwa.

Tuseme kati ya Busia na Tororo kuna vijiji 50 vyenye watu sawa, na mwaka huu wamepatikana wagonjwa 50 wa saratani adimu. Kijiji kimoja kina 4, na kina mnara wa simu. Basi ni mnara! Lakini hata bahati tupu ikiwatawanya wagonjwa hao, uwezekano wa kijiji ulichokitaja mapema kupata 4 au zaidi ni kama asilimia 2. Wa kijiji chochote kati ya 50, takriban asilimia 60.

Denis Burkitt, daktari wa upasuaji Kampala, naye alianza na ramani ya uvimbe wa taya za watoto. Ila mwaka 1961 alisafiri kwa gari hadi Afrika Kusini, akiulizia uvimbe huo hospitali baada ya hospitali. Kwenye nyanda za juu zenye baridi, ulikuwa nadra. Vivyo hivyo kwa mnara wetu: chagua leo vijiji vingine vyenye minara, kisha hesabu wagonjwa wapya tu. Wale 4 wa mwanzo hawahesabiwi tena.