Bei ya Bima, Kipimo cha Hofu

Jumatatu ya tarehe 5 Agosti 2024 ilianza vibaya kwa watu wa hisa. Huko Tokyo fahirisi ya Nikkei iliporomoka kwa zaidi ya asilimia 12, anguko la siku moja ambalo Wajapani hawakuwa wameliona tangu Oktoba 1987. Siku chache nyuma Benki Kuu ya Japani ilikuwa imepandisha riba hadi asilimia 0.25, na Ijumaa takwimu za ajira za Marekani zikatoka zikiwa dhaifu kuliko zilivyotarajiwa. Waliokuwa wamekopa yeni kwa riba ndogo ili wanunue hisa kwingineko walianza kuuza wote kwa mpigo, wapate kulipa madeni kabla yeni haijapanda zaidi.

Kwa saa za Afrika Mashariki ilikuwa mchana. New York ilikuwa bado haijafungua soko wakati namba moja ndogo, inayokodolewa macho na madalali duniani kote, iliporuka hadi 65.73. Ijumaa ilikuwa imefunga kwenye 23.39. Namba hiyo inaitwa VIX, na magazeti ya fedha huiita kipimo cha hofu. Huko juu ya 60 ilikuwa imefika katika misukosuko miwili tu: wa mabenki mwaka 2008 na wa korona mwaka 2020. Lakini soko lilipofungwa siku hiyo, fahirisi ya S&P 500, inayobeba kampuni kubwa zipatazo 500 za Marekani, ilikuwa imeshuka kwa asilimia 3. Ni siku mbaya, ila si kiama. Na kipimo chenyewe kilikuwa kimerudi 38.57.

Sasa nani hasa aliogopa kiasi kile mchana ule? Kulijibu swali hilo inabidi tufungue kipimo tuone ndani mna nini.

Watu wengi hudhani VIX ni kura ya maoni, kwamba kuna mtu anawapigia simu wawekezaji kuwauliza wanajisikiaje. Hakuna. Inakokotolewa na soko la Cboe la Chicago kutokana na bei za opsheni. Opsheni ni mkataba unaompa mnunuzi haki, bila kumlazimisha, ya kununua au kuuza kitu kwa bei iliyopangwa leo, hadi tarehe fulani. Ile inayotuhusu zaidi hapa ni opsheni ya kuuza, na njia nyepesi ya kuielewa ni kuiona kama bima kubwa ya gari. Unalipa leo. Gari lisipopata ajali, fedha imekwenda. Likipondeka, unalipwa.

Tuchukue mfano wa kutunga. S&P 500 imesimama kwenye 5,000. Mfuko wa pensheni unaogopa isije ikashuka chini ya 4,800 ndani ya siku 30, basi unanunua opsheni ya kuuza kwa 4,800. Soko likiwa katika hali ya kawaida, bima hiyo inaweza kugharimu pointi 40 hivi. Kila pointi katika mkataba mmoja ni dola 100, kwa hiyo mfuko unalipa dola 4,000 kukinga hisa za dola 500,000. Siku ya pili zinakuja tetesi mbaya. Fahirisi haijasogea, bado ni 5,000, bado ni 4,800, bado ni siku 30. Lakini muuzaji wa bima sasa anataka pointi 114. Kimebadilika nini? Matarajio ya kuyumba kwa bei, basi. Ukiipitisha bei ya 40 kwenye kanuni ya hesabu za opsheni, utapata kwamba muuzaji anategemea soko liyumbe kwa kiwango cha asilimia 20 kwa mwaka. Ukiipitisha ile ya 114, unapata 35. Hofu, ambayo haina kilo wala mita, imepata namba.

Hiyo ndiyo kazi ya VIX, ila haifanyi kwa mkataba mmoja. Ilipoanzishwa mwaka 1993, kwa mfumo uliobuniwa na profesa Robert Whaley, ilitazama opsheni chache za fahirisi ndogo ya kampuni 100. Mwaka 2003 ikaundwa upya ili isome opsheni za S&P 500 kwa wingi: za kuuza kwa bei zilizo chini ya soko, na za kununua kwa bei zilizo juu yake. Zinachukuliwa zile zilizobakiza siku 23 hadi 37, halafu hesabu inazioanisha ili jibu liwe la siku 30 kamili. Mikataba ya bei za chini sana, yaani bima ya maafa makubwa, hupewa uzito mkubwa zaidi kwa kila dola ya bei yake. Shikilia jambo hilo, tutalirudia.

Wauzaji wa opsheni wana njia ya haraka ya kuisoma namba hii: igawe kwa 16. Mwaka una siku za biashara zipatazo 252, na kipeuo cha pili cha 252 kinakaribia 16. Kwa hiyo VIX ikiwa 16, soko linatarajia siku ya kawaida ibebe mwendo wa asilimia 1 hivi, juu au chini. Ikiwa 32, asilimia 2. Ikiwa 65, bima inauzwa kana kwamba kila siku ya mwezi ujao itakuwa na mwendo wa asilimia 4. Ukiisoma hivyo, ile 65 ya Agosti inaanza kutia shaka: kuna anayeamini kweli kwamba soko litatikiswa namna hiyo kila kukicha kwa mwezi mzima?

Hapa ieleweke pia kwamba bima yoyote ina faida ya mwenye duka ndani yake. Kwa miaka mingi VIX imekuwa, kwa wastani, juu kidogo ya mtikisiko uliokuja kutokea kweli. Anayeisoma kama utabiri mtupu anasahau kwamba muuzaji naye lazima ale.

Madalali wenye uzoefu hawaitazami namba hiyo peke yake. Wanalinganisha bima ya mwezi mmoja na ya miezi mitatu, maana Cboe hutoa kipimo cha kipindi hicho pia. Siku za utulivu, ya miezi mitatu huwa juu zaidi, kwa sababu mengi yanaweza kutokea katika muda mrefu. Watu wakiingiwa na hofu ya leo na kesho, mpangilio hugeuka: bima ya karibu inapanda bei kupita ya mbali. Mimi ningeulizwa nichague dalili moja tu, ningechagua huo mgeuko kabla ya ukubwa wa namba. VIX ya 25 yenye mpangilio wa kawaida ni watu wenye wasiwasi wa muda mrefu, labda wanasubiri uchaguzi. VIX ya 25 iliyogeuka ni watu wanaotaka bima kabla jua halijazama.

Turudi mchana wa Agosti. Opsheni za S&P 500 huuzwa pia usiku wa Marekani, saa ambazo wateja ni wachache. Bei zinatolewa na kampuni ambazo kazi yake ni kusimama pande zote mbili: hii nanunua, hii nauza. Tuseme, tena kwa mfano wa kutunga, kwamba kwa opsheni ya maafa kampuni inatangaza inanunua kwa pointi 1 na inauza kwa 3. VIX haingoji mtu anunue. Inachukua katikati, yaani 2. Tokyo inaanguka, na mwenye kampuni hajui New York itafunguka vipi. Hataki kuuza bima ile asubuhi, lakini hafungi duka pia. Anafanya anachofanya fundi asiyetaka kazi yako: anataja bei ya kukufukuza. Sasa ananunua kwa 1 na anauza kwa 19. Katikati ni 10. Hakuna aliyenunua, hakuna aliyeuza, na kipimo kimeona bei ikizidi mara tano.

Fikiria hilo likitokea kwa mamia ya mikataba, hasa ile ya bei za chini sana ambayo kanuni inaipa uzito mkubwa. Kuna na jambo la pili. Kanuni hukoma kuhesabu ikikuta mikataba miwili mfululizo isiyo na mnunuzi. Wasiwasi ukileta wanunuzi wa senti chache huko chini kabisa, mikataba ambayo jana haikuhesabiwa inaingia kwenye hesabu. Benki ya Malipo ya Kimataifa, iliyoko Basel, ililichambua tukio hilo baadaye mwaka huohuo, ikakuta kwamba sehemu kubwa ya mruko wa kabla ya soko kufunguliwa ilitokana na bei hizo zilizotanuka.

Ungelijuaje papo hapo? Kwa kutazama mahali ambapo fedha inabadilishana mikono. Kuna mikataba ya baadaye ya VIX yenyewe, ambayo watu huinunua na kuiuza kwa fedha zao. Mchana ule ilipanda, lakini haikuisogelea 65. Pengo lile lilikuwa linasema wazi kwamba wafanyabiashara wenyewe hawaiamini namba. New York ilipofungua, saa kumi na nusu jioni kwetu, na wateja wa kweli wakaingia, bei zilibanana na kipimo kikashuka haraka. Siku ya kumi tangu Jumatatu hiyo haikufika kabla VIX haijarudi chini ya 20.

Si kwamba kipimo kilidanganya moja kwa moja. Muuzaji wa bima anapokataa kuuza, hiyo nayo ni hofu, ila ni hofu ya muuzaji, si ya umati.

Hata pale hofu inapokuwa ya umati kweli, haikwambii umati umefika mwisho wa safari yake. Tarehe 16 Machi 2020 VIX ilifunga 82.69, ambayo ni rekodi, na S&P 500 ikagusa chini wiki moja baadaye. Aliyenunua hisa kwa kuitazama namba hiyo hakungoja sana. Lakini mwaka 2008 ilifunga 80.86 tarehe 20 Novemba, fahirisi ikiwa 752. Aliyenunua siku hiyo, akiamini hofu imefika kileleni, alikuwa sahihi kuhusu hofu. Tarehe 9 Machi 2009 fahirisi ilifunga 676, chini kuliko siku aliyonunua, na VIX ilikuwa karibu na 50 tu. Waliotaka bima walikuwa wameshainunua, waliotaka kutoka walikuwa wameshauza, na bei za hisa ziliendelea kushuka huku bima ikizidi kuwa rahisi.